Kujibu "Unapatikana lini?" usaili unapokuwa wa jopo

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Hongera, umefika hatua ya usaili wa jopo. Utakutana na wasaili wanne kwa dakika 60. Tafadhali nitumie muda unaopatikana wiki ijayo." Mwombaji anausoma huku moyo ukimdunda, anafungua kalenda yake, anachagua nyakati tatu anazozipenda na kuzituma. Kisha kimya. Siku mbili baadaye anaandikiwa tena: samahani, hakuna uliofaa, je, una nyakati nyingine?

Nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa ujumbe huo, nikiwa mratibu wa usaili. Kazi yangu ilikuwa kuwakutanisha watu wanne au watano wenye shughuli nyingi na mtu mmoja ambaye hawajawahi kumwona. Waombaji wengi hudhani kwamba kimya kile kina maana: labda wameghairi, labda kuna mwingine aliyewapendeza zaidi. Mara nyingi sana hakina maana yoyote ya namna hiyo. Mratibu ameketi mbele ya kalenda nne zilizopangwa sambamba kwenye skrini, anatafuta upenyo ulio wazi kwa wote, na nyakati tatu alizotumiwa haziangukii kwenye upenyo wowote.

Kwa hiyo swali "unapatikana lini?" linaonekana kumhusu mwombaji peke yake, ila kwa kweli linawahusu watu watano. Majibu ya wanne yameshaandikwa kwenye kalenda zao, naye mwombaji hayaoni. Anachoweza kufanya ni kujibu kwa namna inayoongeza nafasi ya kukutana nao bila kuwaona.

Twende na hesabu nyepesi kwanza. Tuseme kila msaili ana nusu ya saa zake za kazi zikiwa wazi, na kalenda zao hazitegemeani. Ukinyooshea kidole saa yoyote ya wiki, uwezekano wa msaili mmoja kuwa huru ni 1 kati ya 2. Wawili kuwa huru kwa pamoja ni 1 kati ya 4. Watatu, 1 kati ya 8. Wanne, 1 kati ya 16. Katika wiki ya saa 40 za kazi, hizo ni saa mbili na nusu tu, tena zimetawanyika. Mwombaji akituma nyakati tatu za saa moja moja, uwezekano kwamba angalau wakati mmoja utafaa ni kama asilimia 18. Akituma saa 12, unapanda hadi karibu asilimia 54. Kalenda halisi hazifuati hesabu hii sawasawa, kwa sababu watu wa timu moja huwa na vikao vya pamoja, na hivyo huwa na shughuli pamoja na kuwa huru pamoja. Hata hivyo mwelekeo ni huohuo: kila msaili anayeongezwa anaukata upenyo wa pamoja, naye mwombaji ndiye mwenye uwezo wa kuupanua upande wake.

Namna muda ulivyopangwa nayo ina uzito wake, mbali na wingi wa saa. Saa tatu mfululizo zina thamani kuliko saa tatu zilizotawanyika. Ukiandika kwamba uko huru kuanzia 09:00 hadi 12:00, na usaili ni wa dakika 60, mratibu anaweza kuuanzisha 09:00, 09:30, 10:00, 10:30 au 11:00. Hizo ni nafasi tano za kuanzia. Ukimpa saa moja Jumatatu, moja Jumatano na moja Ijumaa, ana nafasi tatu tu. Na ikitokea jopo limeamua kuongeza muda uwe dakika 90, jambo linalotokea sana baada ya ujumbe wa kwanza kutumwa, lile pande la saa tatu bado lina nafasi nne za kuanzia. Zile saa tatu zilizotawanyika hazina hata moja.

Kabla ya kujibu, kuna jambo moja la kuuliza kama halikuandikwa. Neno "jopo" hutumiwa kwa vitu viwili tofauti. Wengine humaanisha wasaili wote kuketi nawe kwa wakati mmoja. Wengine humaanisha utaonana nao mmoja baada ya mwingine, dakika 45 kila mmoja, na siku nzima au nusu siku inakwisha hapo. Kwa upangaji, tofauti ni kubwa mno. Usaili wa pamoja unadai upenyo mmoja wa wote. Wa kupokezana hauhitaji wasaili wawe huru kwa wakati mmoja, bali unadai wewe uwe na muda mrefu. Sentensi moja inatosha: "Je, wasaili wote watakuwepo kwa wakati mmoja, na jumla ni dakika ngapi?" Iweke ndani ya jibu lenye nyakati zako, usiitume peke yake, maana kila ujumbe unaokwenda na kurudi unakula siku.

Sasa tuangalie mfano mmoja kwa ukaribu. Nimeutunga, lakini kila kikwazo kilichomo nilikutana nacho kazini mara nyingi.

Ujumbe unatumwa Jumanne tarehe 3 Machi 2026. Usaili unatakiwa kufanyika kwa video wiki ya tarehe 9 hadi 13 Machi. Mwombaji yuko kwenye ukanda wa saa wa UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa rejea ya dunia nzima. Jopo lina watu wanne: meneja anayeajiri, ambaye yuko New York, wahandisi wawili walioko London, na mchambuzi mmoja aliye UTC+3 kama mwombaji.

Mwombaji anapenda asubuhi, akili ikiwa bado imetulia. Anajibu kwamba anapatikana Jumatatu 10:00, Jumatano 11:00 na Ijumaa 14:00. Ni majibu ya heshima, yameandikwa vizuri, na hayana faida yoyote. Wakati huo wote New York ni saa za usingizi au alfajiri: 03:00, 04:00 na 07:00. Mratibu analazimika kurudi kwake, na mpaka wanaelewana tayari ni Alhamisi.

Jibu lenye msaada linaanzia kwenye swali jingine: wasaili wako wapi? Mara nyingi ujumbe wa mwaliko unawataja kwa majina na vyeo, au afisa ajira alishadokeza kwenye simu ya kwanza. Ukijua kwamba kuna mtu New York, kitu cha kwanza ni kutafuta saa ambazo siku ya kazi ya kila mmoja inapishana na ya wengine. Meneja anaanza kazi 09:00 kwake. Mchambuzi wa UTC+3 anamaliza 18:00. Wahandisi wa London wamo katikati, hawana shida. Upenyo uko kati ya mwanzo wa siku ya meneja na mwisho wa siku ya mchambuzi.

Hapa ndipo mtego ulipo. Siku ujumbe ulipotumwa, tarehe 3 Machi, New York ilikuwa UTC-5, yaani saa nane nyuma ya mwombaji. Kwa hesabu hiyo 09:00 ya New York ni 17:00 ya mwombaji, na upenyo unabaki saa moja tu, 17:00 hadi 18:00. Lakini Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na mwaka 2026 hiyo ni tarehe 8, siku moja kabla ya wiki ya usaili. Kuanzia hapo New York ni UTC-4 na tofauti inakuwa saa saba. 09:00 ya meneja ni 16:00 ya mwombaji, na upenyo ni saa mbili, 16:00 hadi 18:00. London yenyewe haibadiliki mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi, tarehe 29. Kwa wiki tatu za mwezi huo, tofauti kati ya New York na London haiko kama watu walivyoizoea, na hata waratibu wenye uzoefu huteleza. Oktoba na Novemba mchezo unarudi kwa wiki moja: Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Basi mwombaji wetu, akijibu kwa mara ya pili, anasema yuko huru Jumatatu hadi Alhamisi, 15:30 hadi 19:00. Ijumaa hayupo. Ndani ya upenyo wa 16:00 hadi 18:00, usaili wa dakika 60 unaweza kuanza 16:00, 16:30 au 17:00. Nafasi tatu kwa siku, siku nne, jumla 12. Zinaonekana nyingi. Sasa tazama zinavyopukutika mratibu anapofungua kalenda.

Jumatatu meneja ana kikao cha timu, 16:00 hadi 17:30 kwa saa za mwombaji. Nafasi zote tatu zimekwenda. Jumanne mhandisi wa kwanza ana kikao cha saa moja tu, 16:30 hadi 17:30, lakini kwa kuwa kimekaa katikati ya upenyo, kinazigusa nafasi zote tatu. Saa moja iliyokaa vibaya imeua siku nzima. Jumatano mhandisi wa pili yuko likizo. Alhamisi mchambuzi ana simu ya nusu saa saa 17:00, inayoziondoa nafasi ya 16:30 na ya 17:00. Inabaki moja: Alhamisi tarehe 12 Machi, 16:00. Nafasi 12 zimekuwa moja, na wala hakuna mtu aliyekuwa mgumu wala mzembe.

Ukishaona hivyo, unaelewa kwa nini haraka ya kujibu ina uzito. Ile nafasi moja haijafungwa na mtu. Iko wazi kwenye kalenda nne, na yeyote kati ya wanne akiitwa kwenye kikao kingine kesho asubuhi, inatoweka. Waratibu wengine huziba nafasi mapema kwa kuweka alama ya kushikilia kwenye kalenda za jopo, lakini alama hizo wasaili huzifuta zikikaa bila jina la mwombaji. Jibu la siku hiyohiyo, hata likiwa halijakamilika, lina thamani kuliko jibu zuri la siku ya tatu.

Jibu lenyewe linaweza kuwa hivi:

> Habari za leo. Asante kwa ujumbe na kwa nafasi hii.
> Niko UTC+3. Saa zote hapa chini ni za kwangu, kwa mfumo wa saa 24.
> Jumatatu 9 Machi hadi Alhamisi 12 Machi 2026: niko huru 15:30 hadi 19:00.
> Ijumaa 13 Machi: sipatikani.
> Ikibidi, naweza pia 19:00 hadi 21:00 Jumanne na Alhamisi.
> Iwapo hakuna upenyo wiki hiyo, wiki ya 16 Machi niko huru kila siku 15:30 hadi 19:00.
> Naomba kujua kama wasaili wote watakuwepo kwa pamoja, na kama muda ni dakika 60 au zaidi.

Angalia mambo mawili matatu ndani yake. Siku na tarehe zimeandikwa pamoja, kwa hiyo kama moja imekosewa nyingine inaifichua. "Wiki ijayo" haimo, kwa sababu neno hilo likiandikwa Ijumaa na kusomwa Jumatatu linabadilika maana. Ukanda wa saa umeandikwa kwa tofauti yake na UTC, si kwa herufi za kifupi. Vifupisho vya kanda vina matatizo: IST hutumiwa kwa India, kwa Ireland na kwa Israeli, na watu wengi wa Marekani huandika EST, saa ya kawaida ya mashariki mwa nchi hiyo, mwaka mzima hata wakati wa kiangazi ambapo hawako kwenye EST. Na saa za jioni zimetajwa kwa neno "ikibidi". Neno hilo linamwambia mratibu kwamba mlango huo upo lakini si wa kwanza kuugonga. Bila neno hilo, usishangae ukipangiwa 20:00.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Kichwani 16:00 ni saa kumi jioni. Mtu aliyechoka, anayeandika haraka, huweza kuandika "10:00" akimaanisha saa kumi, na kwa msomaji wa upande wa pili hiyo ni saa nne asubuhi. Nimewahi kumpokea mwombaji aliyeingia kwenye chumba cha video nje ya muda kwa tofauti ya saa sita kamili, akiwa na uhakika wote, kwa sababu hiyo tu. Tofauti ya saa sita kamili ndiyo dalili yenyewe: ukiona saa kwenye mwaliko imepishana na uliyoitaka kwa saa sita, usilaumu ukanda wa saa, angalia kama kuna mtu amehesabu kwa Kiswahili na kuandika kwa mfumo mwingine. Andika 16:00 na uzungumze saa kumi, usichanganye.

Wakati mwingine hupati swali bali kiungo cha kujichagulia. Hapo programu imeshafanya kazi ya kulinganisha kalenda, na unaona nafasi zilizobaki tu. Ukurasa huo kwa kawaida huonyesha saa kulingana na mpangilio wa simu au kompyuta yako, basi kama umesafiri au simu imewekwa ukanda mwingine, tazama jina la ukanda lililoandikwa kabla ya kubonyeza. Chagua mapema, maana huenda waombaji wengine wanaziona nafasi hizohizo. Kama hakuna inayokufaa, mwandikie mratibu pande zako za muda kama hapo juu. Kuufunga ukurasa na kusubiri waongeze nafasi ni kosa: yeye haoni kwamba uliufungua.

Mpaka mwaliko wa kalenda ufike, muda wako wote uliouandika bado ni ahadi. Usiujaze na mambo mengine, na ikibidi kuujaza, mwandikie mratibu palepale: "Jumanne 10 Machi sipatikani tena, siku nyingine ziko vilevile." Mwaliko ukifika, soma tarehe, saa kama inavyoonekana kwenye kalenda yako mwenyewe, urefu wa kikao na kiungo cha video. Mara kadhaa saa iliyo kwenye maandishi ya barua pepe haifanani na ile iliyo kwenye mwaliko. Mwaliko huhesabu ukanda wenyewe, maandishi huandikwa kwa mkono, kwa hiyo kosa mara nyingi liko kwenye maandishi. Lakini inawezekana pia mratibu alichagua ukanda usio sahihi alipoutengeneza. Usikisie. Uliza kwa kutaja saa moja kwa UTC: "Nathibitisha, ni Alhamisi 12 Machi, 13:00 UTC?" Swali hilo lina jibu la ndiyo au hapana tu, na kila aliye kwenye jopo anaweza kulihakiki kwake.

Bonyeza kukubali. Jibu hilo humrudia aliyeandaa mwaliko, na ndilo linaloondoa alama ya kuuliza mbele ya jina lako. Ukiacha bila kujibu kwa kudhani kwamba barua pepe ya asante inatosha, mratibu mwenye usaili kumi wiki hiyo atakuhesabu kama hujathibitisha, na atakupigia simu au atakufuatilia kwa ujumbe mwingine.

Halafu kuna siku ambayo msaili mmoja anajitoa asubuhi ya usaili. Ana dharura, au amevutwa kwenye jambo jingine. Mratibu ana njia tatu: kumweka mtu badala yake, kuendelea na watatu na kupanga mazungumzo mafupi na wa nne baadaye, au kuahirisha. Uchaguzi unategemea namna jopo lilivyogawana kazi. Kwenye usaili uliopangwa vizuri kila msaili ana eneo lake la maswali na fomu yake ya alama, hivyo asipokuwepo eneo lake linabaki tupu, na hapo kuahirisha kunaweza kuwa haki kwa mwombaji kuliko kuendelea. Bado mwombaji ana sauti. Ukiandika kwamba uko tayari kuendelea na watatu na kuonana na wa nne kwa dakika 20 siku nyingine, unampa mratibu njia ambayo pengine hakuthubutu kukuomba.

Ombi kama hilo unaweza kulitoa mapema zaidi. Ikiwa wiki mbili zimepita na upenyo wa wanne haupatikani, pendekeza jopo ligawanywe: wawili siku moja, wawili siku nyingine. Rudi kwenye ile hesabu. Kwa watu wanne ilikuwa 1 kati ya 16. Kwa wawili ni 1 kati ya 4, na hata ukihitaji vipenyo viwili, vitapatikana upesi zaidi. Kampuni nyingine hukataa kwa sababu wanataka wasaili wote wasikie majibu yaleyale. Nyingi hukubali, tena kwa nafuu kubwa, kwa sababu mratibu alikuwa ameshaliwaza na alikuwa akisubiri tu mtu wa kulianzisha.